Tupeane uzoefu: rimoti inayowasha TV lakini vitufe vingine vimenuna

Mama Duka, Mbale: Jamani, rimoti ya TV yangu ya Android inawasha na kuzima, tena mpaka niielekeze kwenye TV. Sauti na mishale, kimya. Betri ni mpya. Aliyekutana na hili?

Boda wa Jinja: Nguvu imeisha hiyo. Bluetooth ina nguvu kuliko infraredi, ndiyo maana haitaki kuelekezwa. Weka betri bora.

Fundi wa Katwe: Kutoelekezwa ni kweli, ndugu, lakini sababu si nguvu. Infraredi ni mwanga, ila macho yetu hayauoni. Taa ndogo kwenye pua ya rimoti hupepesa kama mara 38,000 kwa sekunde, na TV huupokea kwa jicho lililo nyuma ya plastiki nyeusi, mara nyingi ukingo wa chini. Ukiweka spika ndefu mbele ya jicho hilo, amri haifiki. Bluetooth ni redio: inaenea pande zote na kupenya blanketi hata mbao.

Mama, yako ina vyote viwili. Washa kamera ya mbele ya simu, ielekezee pua ya rimoti, ubonyeze kitufe cha kuwasha. Ukiona mwanga wa zambarau au mweupe, infraredi ni nzima. Kisha bonyeza sauti.

Dereva, Arua: Basi simu yangu ina Bluetooth, kwa nini haibadilishi chaneli za dekoda?

Fundi wa Katwe: Dekoda hiyo inasubiri mwanga, mzee. Simu isiyo na taa ya infraredi haina cha kuimulikia.

Mama Duka, Mbale: Kitufe cha kuwasha kinatoa mwanga, sauti haitoi.

Fundi wa Katwe: Basi sauti inapita Bluetooth, na rimoti imesahaulika na TV. Chomeka mausi ya USB nyuma ya TV, ufungue `Settings`, kisha `Remotes & Accessories`, halafu `Add accessory`. Shika `Home` na `Back` pamoja sekunde 5 hivi mpaka taa ya rimoti ianze kupepesa. Kampuni nyingine hutumia vitufe vingine, tazama kijitabu. Jina la rimoti likitokea, lichague.

Mwalimu, Masaka: Niongeze: kwenye infraredi si lazima ulenge jicho lenyewe. Ukuta mweupe hurudisha mwanga, jaribu kuelekeza ukutani.

Mama Duka, Mbale: Imekubali! Sasa naongeza sauti nikiwa jikoni. Ila kuwasha bado lazima nielekeze.

Fundi wa Katwe: Hiyo ni kawaida kwa TV nyingi. Ikizimwa, Bluetooth yake hulala, lakini jicho la infraredi hubaki macho kwa umeme kidogo sana.

Boda wa Jinja: Nimeelewa. Lakini yangu ya Bluetooth inachelewa, na ruta ya Wi-Fi iko juu ya TV. Ndiyo chanzo?

Fundi wa Katwe: Yawezekana, zote mbili hutumia masafa ya gigahezi 2.4. Sogeza ruta mita 2 ujaribu, au uihamishie gigahezi 5. Isipobadilika, tutazame betri.