Wakuu, posti hii niirekebisheje ivutie bila kubanwa na Facebook?

FundiMajiko: Naendesha ukurasa wa ufundi wa majiko ya gesi. Nataka kuweka hii: "Hutaamini tulichokikuta kwenye jiko hili! Gonga laiki kama unampenda mama yako, shea kabla haijafutwa." Naambiwa haitafika mbali. Nibadilishe nini?

KalamuMbili: Mkuu, hapo kuna makosa mawili, usiyachanganye. "Hutaamini" inaficha habari yenyewe, na Facebook walianza kuvishusha vichwa vya namna hiyo kwa kutambua maneno yake mwaka 2016. "Gonga laiki" na "shea" ni kosa jingine. Desemba 2017 walitangaza kushusha posti zinazoshinikiza laiki, komenti, kushea, kutagi na kura za emoji. Ukurasa unaorudiarudia hushushwa zaidi, si posti moja tu.

BintiKisauni: Basi usiulize swali lolote. Mimi siku hizi naandika maelezo matupu.

KalamuMbili: Hapo umepitiliza, dada. Walisema wenyewe kwamba kuomba ushauri, kutafuta mtoto aliyepotea au kuchangisha hakumo kwenye katazo hilo. Jiulize jibu lina kazi gani. "Andika NDIYO kama unatumia gesi" halimfaidi mtu. "Moto wa jiko lako ni wa bluu au wa manjano?" linampeleka mtu jikoni kuangalia.

MzeeWaTiktok: Na mimi video zangu zimeshuka, tatizo ni saa ya kuposti?

KalamuMbili: Hilo fungulia uzi wake, mzee. Fundi, jaribu hivi: "Kwa nini jiko la gesi linatia sufuria masizi hata mtungi ukiwa mpya?" Kitu kimetajwa, dalili imetajwa, na fumbo lipo kweli, maana wengi hulaumu mtungi. Sentensi ya kwanza chini yake ijibu: gesi haipati hewa ya kutosha, mara nyingi kwa uchafu kwenye njia ya hewa au matundu ya kichwa cha jiko. Kisha eleza usafishaji. Ukilichelewesha jibu hadi mwisho, utaona komenti za "sasa jibu liko wapi?" Hapo ujue kichwa kiliahidi zaidi ya kilichomo.

Chapakazi: Mnamtisha bure. Kiswahili mashine haikioni, aweke tu "shea".

BintiKisauni: Hata isipokiona, watu wakichoka wanaficha posti. Hilo halihitaji lugha.

Chapakazi: Kurasa za udaku mbona zinafika mbali kila siku?

FundiMajiko: Nimekielewa kichwa, asanteni. Na picha? Nimezungushia sufuria duara jekundu.

KalamuMbili: Duara likiwa juu ya masizi yenyewe, liache. Likizunguka kitu ambacho maandishi hayakitaji, lifute.