Tupeane uzoefu: Mzalishaji ametangaza tukio lisilozuilika, wateja wetu tuwaambieje ratiba mpya?

Msambazaji_Rafia (Dar es Salaam)

Ndugu zangu, nimepokea barua kutoka kwa mzalishaji wa Ghuba anayetuuzia punje za polipropilini. Anasema hitilafu ya umeme imezima mtambo wake, na kwa hiyo anatangaza tukio lisilozuilika, yaani jambo lililo nje ya uwezo wake linalomwondolea lawama ya kutotimiza oda, kwa gredi ya rafia, ile ya kufumia magunia. Oda zetu za mwezi ujao zitatimizwa kwa asilimia 60 tu. Barua hiyo imenirudisha Februari 2021, baridi kali ilipozima viwanda vya Texas na bei ya malighafi ikapanda hata kwetu ambao hatukuwa tukinunua huko. Nina wafumaji wa magunia watatu wanaonitegemea: mmoja huchukua tani 60 kwa mwezi, wa pili 36, wa tatu 24. Ghalani zimebaki tani 20, na msimu wa mahindi wa Nyanda za Juu Kusini uko karibu. Mliowahi kupitia hali hii, mliwaandikia wateja nini, na tarehe mpya mlizipataje?

Kontena40 (Mombasa)

Mkuu, mimi huwatumia barua ya mzalishaji kama ilivyo. Meli ya Ever Given ilipoziba Mfereji wa Suez Machi 2021, nilituma taarifa ya kampuni ya meli kwa wateja wangu wote na hakuna aliyelalamika, kwa sababu kila mtu alikuwa ameiona meli ile kwenye taarifa ya habari.

Mwandika_Mikataba (Arusha)

Ndugu Kontena40, ulisaidiwa na ukweli kwamba tukio lenyewe lilikuwa mbele ya macho ya dunia nzima. Hitilafu ya umeme ndani ya kiwanda kimoja cha Ghuba haijulikani kwa mfumaji wa magunia wa Mbeya. Zaidi ya hapo, barua ile inamkinga mzalishaji dhidi ya msambazaji. Haimkingi msambazaji dhidi ya wateja wake, kwa sababu hiyo ni mikataba miwili tofauti.

Msambazaji, kabla hujaandika neno lolote, fungua mkataba wako na kila mteja na utazame mambo mawili. Kwanza, je, kifungu chako cha matukio yasiyozuilika kinataja kushindwa kwa mzalishaji wako, au kinataja vita, mafuriko na moto peke yake? Pili, kinakupa muda gani wa kutoa taarifa? Nimeona mikataba inayodai taarifa ya maandishi ndani ya siku saba, na anayechelewa hupoteza kinga hata kama tukio ni la kweli kabisa.

Kama huna kifungu, usiegemee sana kifungu cha 56 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345. Hicho kinazungumzia jambo lililokuwa haliwezekani tena, na matokeo yake ni kuufuta mkataba. Wewe hutaki mkataba ufutwe. Unataka muda zaidi. Tena, rafia inapatikana kwa wauzaji wengine kwa bei ya juu zaidi, na ughali peke yake hauhesabiwi kuwa kutowezekana.

Juma_Viroba

Naafiki. Kwangu siku saba zilipita nikiwa bado nasubiri "taarifa kamili" ya mzalishaji.

Mama_Mitambo (Mwanza)

Niruhusuni nizungumze kama mpokeaji wa barua hizo, kwa sababu mnaongea kama watumaji.

Nilikuwa msimamizi wa uzalishaji katika kiwanda cha magunia. Msambazaji wetu, ambaye sitamtaja, alitupigia simu akasema mzigo utachelewa wiki mbili. Wiki mbili ni kipindi ambacho kiwanda hukivumilia: nilipunguza kasi ya mashine ya kuvuta utepe, nikawaacha wafumaji wote kazini, wala sikutafuta malighafi mahali pengine. Wiki mbili zilipoisha akasema wiki mbili nyingine, na baadaye akarudia maneno yale yale. Kila ahadi ilikuwa fupi kiasi cha kutufanya tusubiri, na ndefu kiasi cha kutumaliza.

Siku iliyoniumiza kuliko zote ni siku malori ya mteja wetu wa mbolea yalipoingia uani kuchukua magunia. Nusu ya oda haikuwapo, na mkataba wetu na yeye ulikuwa na faini ya kila siku ya ucheleweshaji. Nilisimama mbele ya madereva bila neno la kuwaambia. Jioni hiyo fundi wangu aliyekuwa amehamia kiwanda cha jirani akanieleza kwamba wao walipokea rafia kutoka kwa msambazaji yule yule, wiki ile ile.

Laiti angeniambia tangu mwanzo kwamba ni wiki sita au nane, ningeongeza kijazio cha chokaa kwenye mchanganyiko kadiri gunia linavyoruhusu, ningepeleka nusu ya mashine kwenye matengenezo yaliyokuwa yamesubiri, na ningenunua kiasi kidogo India kwa bei ya juu ili kumlinda yule mteja wa mbolea. Nilikuwa na njia za kulikabili tatizo, lakini nilinyimwa muda wa kuzitumia.

Juma_Viroba

Pole sana, dada. Mliwahi kumuuliza kuhusu ule mzigo wa jirani?

Mama_Mitambo (Mwanza)

Tulimuuliza. Alisema jirani alilipa taslimu kabla.

Bwana_Ghala (Dodoma)

Mimi silioni kosa hapo. Mzigo ni wangu na mtaji ni wangu. Anayelipa taslimu wakati wa uhaba anahudumiwa kwanza. Anayechukua kwa mkopo wa siku 60 asitarajie kutangulia.

Mwandika_Mikataba (Arusha)

Bwana Ghala, hiyo ni haki yako pale ambapo hujajificha nyuma ya tukio lisilozuilika. Ukishamwandikia mteja kwamba umeshindwa kumpelekea mzigo kwa sababu iliyo nje ya uwezo wako, halafu ikaonekana mzigo ulikuwapo ukauzwa kwa mwingine, sababu ya kushindwa si umeme wa Ghuba tena bali ni uamuzi wako. Kinga yako inaanguka hapo hapo.

Bwana_Ghala (Dodoma)

Na wateja wasio na mkataba wa maandishi, wanaonunua kwa simu tu miaka yote, nao wapewe mgao? Hilo hujalijibu.

Mwandika_Mikataba (Arusha)

Ni kweli, na sina jibu moja. Mimi ningewatanguliza wenye mikataba, lakini najua wafanyabiashara wanaowapa na wengine kiasi kidogo ili kulinda uhusiano, na sijaona shauri lililowakataza.

Neema_Vipodozi

Samahani kuingilia. Kontena langu limekaa bandarini kwa sababu wakala aliwasilisha hati zenye makosa. Je, nami niwaandikie wateja barua ya tukio lisilozuilika?

Kontena40 (Mombasa)

Hapana, dada yangu. Hati zenye makosa ni jambo lililokuwa mikononi mwa wakala wako, na wakala umemteua wewe. Waandikie barua ya kawaida ya ucheleweshaji, utaje tarehe utakayoweza kuisimamia.

Mpanga_Ratiba (Nairobi)

Msambazaji, nirudi kwenye swali lako la tarehe, maana Mama Mitambo ameonyesha vizuri madhara ya tarehe isiyofanyiwa hesabu.

Anza kwa kuutenganisha mzigo. Ulio ghalani ni wa uhakika. Uliopakiwa melini kabla ya tamko kwa kawaida hauguswi na tamko hilo. Mwombe mzalishaji nakala ya hati ya shehena, na ukiipata unaweza kuwaambia wateja kwamba mzigo huo unakuja. Sehemu ya tatu ndiyo inayotegemea mtambo kuwashwa, na hii usiichanganye na hizo mbili.

Oda zako ni tani 120, kwa hiyo asilimia 60 ni tani 72, takriban makontena matatu ya futi 40. Wateja wako wana nusu, asilimia 30 na asilimia 20. Kwa uwiano huo, tani 72 zinagawanyika kuwa 36, 21.6 na 14.4. Tani 20 za ghalani nazo zigawe vivyo hivyo: 10, 6 na 4. Kila mteja aandikiwe mafungu yake mawili mbalimbali, lililopo leo na lile la baadaye, na hesabu uitunze kwenye jalada.

Tarehe ndiyo inayowaponza wengi. Mzalishaji akisema mtambo utawaka tarehe 10, watu hujumlisha siku za safari wakaishia hapo. Lakini mtambo ukiwashwa, mzigo wa kwanza mara nyingi hauna ubora unaotakiwa, na kiwanda huzalisha gredi kwa zamu, kwa hiyo rafia huenda isifikiwe siku nyingi baadaye. Muulize swali moja tu: zamu ya rafia inaanza lini? Tuseme akujibu tarehe 20. Kupakia ni tarehe 27 ikiwa nafasi ya meli imepatikana. Kwa meli inayobadilisha mzigo njiani, kufika Dar es Salaam ni kati ya tarehe 14 na 21 za mwezi unaofuata, na kutoa mzigo bandarini weka wiki moja. Waandikie wateja "kati ya tarehe 21 na 30", wala usiwape tarehe moja. Kisha utaje siku ya taarifa yako inayofuata, na siku hiyo ikifika andika hata kama hakuna jipya.

Kontena40 (Mombasa)

Na bei mpya iwekwe katika barua hiyo hiyo, mambo yaishe mara moja.

Mpanga_Ratiba (Nairobi)

Hapo tunatofautiana, kaka. Mteja akiiona bei karibu na neno "haizuiliki", anaanza kuamini kwamba uhaba umetengenezwa. Mimi huituma kwa barua yake.

Kontena40 (Mombasa)

Nami mteja aliwahi kuniuliza kwa nini nilimficha bei kwa wiki nzima.

Msambazaji_Rafia (Dar es Salaam)

Nimewasoma wote, nawashukuru. Mikataba miwili inataja kushindwa kwa mzalishaji. Wa mteja wa tani 24 hautaji, kwa hiyo kwake nitaomba maelewano badala ya kudai kinga. Barua ya mteja wa tani 36 nimeiandika hivi:

"Tunakujulisha, kwa mujibu wa kifungu cha matukio yasiyozuilika cha mkataba wetu, kwamba mzalishaji wetu amesimamisha mtambo kutokana na hitilafu ya umeme na amepunguza oda zetu za gredi ya rafia hadi asilimia 60. Oda yako ya tani 36 itatimizwa hivi: tani 6 zipo ghalani na unaweza kuzichukua sasa, tani 21.6 tunatarajia kuzikabidhi kati ya tarehe 21 na 30 za mwezi unaofuata, kwa sharti kwamba zamu ya rafia inaanza tarehe 20 kama mzalishaji alivyotueleza. Tani 8.4 zilizobaki hatuna tarehe yake kwa sasa. Mgao huu umefanywa kwa uwiano mmoja kwa wateja wote wenye mikataba. Tutakuandikia tena Jumatatu ijayo."

Mama_Mitambo (Mwanza)

Hiyo sentensi ya tani 8.4 ndiyo ambayo sikuwahi kuandikiwa. Ongeza moja tu: kwamba mteja akitaka kuzinunua kwingine, oda yake inapungua bila faini. Mfumaji asiyejua kama yuko huru hataagiza India, ataendelea kukusubiri.

Mwandika_Mikataba (Arusha)

Ongeza, lakini umpe tarehe ya mwisho ya kukujibu. Vinginevyo zikipatikana hutajua ni zake au za nani.

Msambazaji_Rafia (Dar es Salaam)

Nimeongeza yote mawili, nimempa hadi Ijumaa. Amejibu tayari: anataka tani 10 za ghalani badala ya 6, na yuko tayari kulipa taslimu leo.

Bwana_Ghala (Dodoma)

Sasa tuone utamjibu nini.