Tupeane uzoefu: ukipeleka kundi kubwa kula Dodoma mjini, bufee au kila mtu aagize chake?

BintiKondoa
Habari za humu wakuu. Mdogo wangu anahitimu UDOM, na baada ya mahafali tunataka kula pamoja mjini. Tuko 32, watoto 9 wamo humo, na wazee kutoka kijijini. Hoteli moja imetupa bufee ya 25,000 kwa kichwa. Mgahawa mwingine unasema tuje tu, kila mtu ataagiza. Shemeji anang'ang'ania kwamba bufee ni kutupa hela. Waliowahi kupeleka kundi, leteni yaliyowakuta.

MzeeWaKibaigwa
Bufee, usisumbuke. Unajua unalipa kiasi gani kabla hujatoka nyumbani, na mwenye njaa anarudia mpaka atosheke. Siku zote ni nafuu.

JikoNiKazi
Mzee wangu, shikamoo. Kujua bei mapema, hapo uko sahihi. Kurudia ndipo penye shida. Nimefanya kazi jikoni miaka mingi hapa mjini: wali, maharage na mboga utarudia, lakini kwenye nyama na kuku mara nyingi anasimama mhudumu na koleo, anakuwekea kipande kimoja. Dada BintiKondoa, uliza hilo kabla hujalipa chochote.

Uliza pia kama 25,000 ina VAT ndani. Tuseme watoto wanalipa nusu: wakubwa 23 ni 575,000, watoto 9 ni 112,500, jumla 687,500. Kama VAT ya asilimia 18 iko nje, inakuwa 811,250, na soda bado. Halafu kuna idadi ya uhakika. Ukishawaambia 32, wanapika kwa 32, na wakija 26 utalipa 32.

MamaWawili_Mpwapwa
Sisi gari lilituharibikia njiani. Chakula kilikuwa cha saa saba, tukafika saa tisa. Vimoto vya chini ya vyombo vilishazimika, pilau imekauka pembezoni, mchuzi umeganda mafuta juu, samaki hakuna. Na tulikuwa tumelipa zote. Tangu hapo, kundi linalotoka mbali silipeleki kwenye bufee.

Kaka_Chamwino
Kwenye harusi ya dada yangu mpishi wa kukodi alikuja na vyombo vyake ukumbini, akachaji kwa sahani. Mkitaka namba yake niambieni.

BintiKondoa
Asante kaka, ila sisi hatuna ukumbi, tunakwenda mgahawani. JikoNiKazi, basi kila mtu akiagiza chake si ndiyo rahisi zaidi?

JikoNiKazi
Kwa watu sita, ndiyo. Kwa 32 wanaoketi pamoja, jiko linazidiwa. Mhudumu anakuja na oda za aina kumi na tano kwa mpigo, na ndani kuna majiko machache na mchomaji mmoja. Wa chipsi mayai anapata upesi. Wa kuku wa kienyeji anasubiri saa nzima na zaidi, maana yule lazima achemshwe kwanza ndipo akaangwe. Unakuta watoto wameshamaliza wanakimbizana, na mzee wako bado anaangalia mlango wa jikoni. Siku ya mahafali si ninyi peke yenu mliokwenda pale.

Mimi ningefanya hivi. Chagua vyakula vitatu tu vya mgahawa huo, kwa mfano wali kuku, ugali na mbuzi wa kuchoma, na chipsi kuku kwa watoto. Pitisha kwenye grupu la familia, kila mtu aseme chake, kisha peleka idadi siku moja kabla na uache malipo ya awali. Ukipata sahani ya mkubwa 15,000 na ya mtoto 7,000, ni 345,000 na 63,000, yaani 408,000. Mkianza kupanda magari, piga simu wawashe moto.

MzeeWaKibaigwa
Hapo nimekuelewa. Lakini watu wetu hubadilisha mawazo mezani. Aliyeandika ugali akiona wali wa jirani anautaka.

JikoNiKazi
Kweli, mzee, na hilo sina dawa yake. Naongezaga sahani mbili za wali.

Mlenda_na_Uwele
Baba yangu ana kisukari. Kwenye bufee alikuta pilau, chipsi, ndizi za kukaanga na tambi, akaishia kula kachumbari na kipande cha nyama. Ukiagiza mapema unaweza kuwaomba wampikie ugali wa uwele na mlenda, sehemu nyingi hapa wanavyo. Wazee wako waulize kwanza.

BintiKondoa
Mmoja wao ana sukari kweli, sikuwa nimelifikiria. Nimepiga hoteli sasa hivi: VAT iko nje, na bufee si yetu peke yetu, ni ya wageni wote wa mchana huo.

JikoNiKazi
Basi waulize wanaiweka saa ngapi. Mkifika nusu saa baada ya watu wa semina, mtakuta masinia yameshachambuliwa.

BintiKondoa
Saa sita na nusu. Mahafali yenyewe sijui yataisha saa ngapi. Kesho nakwenda ule mgahawa kuongea na mpishi mwenyewe.