Fazi mbili ardhini au fazi moja: waya wa ardhi upimwe kwa ipi?

Kampemba_Umeme: Jambo bandugu. Ninachagua waya wa ardhi wa kabini ya 15 kV hapa Lubumbashi. Transfoma ni Dyn11, nyutro imefungwa ardhini moja kwa moja. Kwa msingi wa 10 MVA nina Z1 = Z2 = j0.2 na Z0 = j0.1. Nitumie hitilafu ipi?

Fundi_Ruashi: Fazi moja, mdogo wangu. Unaunganisha mitandao mitatu kwa mfululizo: 3/(0.2+0.2+0.1) = 6. Mkondo wa msingi ni ampea 385, basi unapata kama 2310. Ardhini daima hiyo ndiyo kubwa.

Yaya_Rilei: Daima hapana, ndugu yangu. Tazama Z0 yake, ni ndogo kuliko Z1. Fazi b na c zikigusa ardhi, volti zake ni sifuri, kwa hiyo volti za mifuatano yote mitatu zinalingana, na mitandao inakaa sambamba:

```
I1 = 1/(0.2 + 0.2*0.1/0.3) = 3.75
I0 = 3.75*0.2/0.3 = 2.5
I2 = 3.75*0.1/0.3 = 1.25
```

Hizo ni ukubwa tu. I0 na I2 zina alama kinyume na I1, na jumla ya tatu lazima iwe sifuri, kwa kuwa fazi a haina mkondo wa hitilafu. Isipokuwa sifuri, umeunganisha vibaya. Ardhini inapita 3I0 = 7.5, karibu ampea 2890. Waya uliopimwa kwa 2310 ungekuwa mwembamba. Hata fazi b peke yake inabeba 5.73, wakati hitilafu ya fazi tatu inatoa 5.

Kipushi_Chini: Sisi mgodini nyutro haigusi ardhi. Mimi mtandao wa sifuri ninautupa tu.

Yaya_Rilei: Kwako Z0 ni kubwa mno, I0 inakaribia sifuri, na inabaki hitilafu ya fazi kwa fazi. Yeye hawezi kuutupa.

Fundi_Ruashi: Lakini kabini nilizofanyia kazi zina rezistansi ya omu 30 kwenye nyutro.

Yaya_Rilei: Hapo uko sawa kabisa. Mkondo wa nyutro ni 3I0, kwa hiyo omu 30 zinaingia kwenye mtandao wa sifuri kama 90, yaani 4 kwa msingi wa omu 22.5. Fazi moja inatoa kama ampea 286 ardhini, fazi mbili 144 tu. Waya unapimwa kwa 286, ila rilei ya ardhi lazima iione 144 pia.

Kampemba_Umeme: Aksanti yaya, nachukua 2890. Na waya mbili zikiangukia udongo mkavu wa Septemba?

Yaya_Rilei: Kama zimegusana kwanza, ongeza 3Zg kwenye Z0, Zg ikiwa impedansi ya mguso wao na udongo.

Fundi_Ruashi: Na kama kila moja imeangukia mahali pake? Hapo Zg ya pamoja sikubali.