TV ina sauti lakini kioo cheusi: tupeane uzoefu wa kumulika tochi

Mama Pacha, Jinja
Nimeona jirani anapakia TV yake kwenye boda kuipeleka kuuzwa kama chuma chakavu, eti "kioo kimekufa, sauti tu ndiyo imebaki." Nikakumbuka yetu. Ilikuwa Agosti 2025, wakati wa CHAN, Cranes wako uwanjani Namboole na sebule imejaa watu. Picha ikapotea ghafla, mtangazaji anaendelea kusema. Fundi wa kwanza aliitazama akiwa amesimama tu, akasema kioo kimeungua, nunua nyingine. Ni mdogo wangu aliyezima taa za chumba akasogeza tochi ya simu karibu na kioo, na tukaona wachezaji wanakimbia gizani kama vivuli. Kioo kilikuwa kizima! Waliopitia haya waseme, watu wasiendelee kutupa TV.

Dereva wa Kasese
Kweli kabisa mama. Yangu hivyo hivyo.

Kijana wa Malaba
Mimi nilijaribu tochi mchana nikaona uso wangu tu. Kwa hiyo, njia hiyo haifanyi kazi kila mahali.

Fundi wa Katwe
Mchana hutaona kitu, ndugu. Ngoja nieleze ninavyofanya kila siku. Funga mapazia, zima taa. Washa TV, subiri sauti ije. Usimulike ikiwa filamu inaonyesha usiku, kwa sababu picha yenyewe ni nyeusi. Mwambie mtu abonyeze menyu kwenye rimoti, yale maandishi meupe ndiyo yanayoonekana upesi. Tochi iwe karibu kugusa kioo lakini iinamishe, na wewe tazama kwa ubavu, si mbele moja kwa moja, la sivyo mng'ao wa tochi unakupofusha. Ukiisogeza polepole, maandishi yanatokea pale tu palipo na mwanga, kidogo kidogo.

Sababu ni kwamba kioo hakitoi mwanga chenyewe. Kinafungua na kuziba tu mwanga wa taa za LED zilizo nyuma yake. Taa zikizima, kioo kinaendelea kuchora picha gizani. Mwanga wa tochi unapenya, unagonga karatasi nyeupe za nyuma, unarudi kwako ukiwa umebeba picha.

Mjomba Elgon
Basi ni rahisi. Ukiona picha kwa tochi, LED zimeungua, nunua mikanda mipya ya hizo taa, mambo yamekwisha.

Fundi wa Katwe
Hapana mzee wangu, hapo ndipo watu wanapoteza hela. Tochi inakuambia kwamba hakuna mwanga nyuma. Haikuambii kwa nini. Inaweza kuwa taa yenyewe, inaweza kuwa waya wa taa umechomoka, inaweza kuwa sehemu ya bodi ya pawa inayozilisha taa, au bodi kuu haijatuma amri ya kuwasha. Ndiyo maana napima kwanza.

Mama Pacha
Sasa unatofautishaje? Yetu ilibadilishwa mikanda, sikuona alichopima.

Fundi wa Katwe
Kwanza tazama inapowashwa. Ikimweka sekunde moja hivi halafu giza, mara nyingi bodi inajaribu, inakuta taa moja imekatika, inajizima kujilinda. Nikiweka mita kwenye mdomo wa waya wa LED naona volti zinapanda juu kisha zinaanguka. Hapo naenda kwenye taa. Zisipopanda kabisa, naangalia pini iliyoandikwa BL-ON, ndiyo inayoleta amri ya kuwasha taa. Amri isipofika, kosa liko bodi kuu, na ukinunua mikanda utabaki na mikanda yako mkononi.

Wiki hii nimefungua moja ya inchi 32: mikanda miwili, kila mmoja taa sita za volti 6, zote zimefuatana kwenye njia moja, yaani kama volti 72 kwa jumla. Taa moja tu ilikuwa na kidoa cheusi katikati. Hiyo moja ilizima zote kumi na mbili.

Kijana wa Malaba
Moja? Basi unganisha waya juu ya hiyo moja, zingine zinawaka. Kaka yangu alifanya hivyo, TV inaonyesha mpaka leo.

Mjomba Elgon
Usimfundishe mtu uchafu huo. Badilisha zote.

Kijana wa Malaba
Zote kwa hela ya nani, mzee? Watu wana ada za shule.

Fundi wa Katwe
Msigombane. Kuruka taa moja inawaka, kwa sababu bodi nyingi zinashika kiasi kilekile cha mkondo na volti zinashuka zenyewe. Lakini utabaki na kivuli sehemu hiyo, na hizo kumi na moja zimezeeka pamoja na ile iliyokufa. Mimi nabadilisha zote, ila mteja asiye na uwezo simfukuzi. Nisichokubali ni kuchanganya taa za volti 3 na za volti 6 kwenye njia moja.

Binti wa Arua
Jamani, mtu asifungue nyumbani. Naandika hii na bado naumia. Shemeji yangu alimulika tochi, akaona picha, akafurahi, akasema taa tu, tunafungua wenyewe. Akalaza TV kitandani uso juu, akatoa fremu ya mbele. Ilikuwa inchi 43. Kioo chenyewe ni chembamba, kikubwa, halafu ukingoni kuna vile vipande laini vyenye nyaya vinavyokishikanisha na bodi. Akamwita kijana wa jirani, mmoja akashika huku, mwingine kule. Mmoja akanyanyua kabla ya mwenzake. Hatukusikia kishindo, tulisikia kitu kidogo tu, *tik*. Walibadilisha mikanda yote, wakarudisha, wakawasha. Mwanga ukaja mzuri kabisa! Na katikati ya huo mwanga ufa kutoka kona hadi kona, na upande mzima mistari. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni muda wote akisubiri taarifa ya habari. Alinyanyuka akaenda jikoni bila neno.

Dereva wa Kasese
Pole sana dada.

Mama Pacha
Pole. Mama wa watu.

Mwana wa Bombo
Yangu picha ipo safi, sauti ndiyo haipo. Nimulike wapi?

Mjomba Elgon
Mulika spika 😄 Fungua uzi wako, kijana.

Fundi wa Katwe
Dada wa Arua amesema kweli tupu. Kioo kinyanyuliwe na watu wawili kwa pamoja, kikae kwenye blanketi, vipande vya ukingoni visikunjwe. Na kapasita kubwa kwenye bodi ya pawa inashika umeme hata ukichomoa waya ukutani, usiiguse.

Ambaye yake bado inawaka, aingie kwenye menyu ashushe Backlight, yaani mwanga wa hizo taa za nyuma. Nyingi zinatoka dukani zikiwa juu kabisa na taa zinapikika kwa joto. Nusu inatosha sebuleni usiku.

Mjomba Elgon
Mimi nimeacha ya kwangu juu miaka yote na inawaka.

Dereva wa Kasese
Nimezima taa nikamulika sasa hivi. Neno Settings naliona upande wa kushoto. Kulia hakuna kitu, nimepitisha tochi mara nyingi. Hiyo ni taa au kioo?

Fundi wa Katwe
Menyu zingine zinakaa kushoto tu, labda kulia ni peusi kweli. Weka chaneli yenye picha angavu ijaze kioo chote, umulike kulia tena. Ikikataa, usinunue mikanda bado.

Dereva wa Kasese
Umeme umekatika. Ukirudi nitawaambia.