Naomba ushauri: konsepti noti ya kurasa 5, mfadhili anataka 2

Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Nina konsepti noti ya kukarabati visima 12 vya pampu ya mkono, imefika kurasa 5 na mfadhili anataka 2 tu, na nisijaribu ujanja wa kupunguza fonti maana saizi wameshaipanga wao.

Nikiangalia vizuri, kurasa karibu 3 ni shida tupu, takwimu za nchi nzima na historia ya maji, halafu namna tutakavyofanya kazi ina aya mbili, yaani anayesoma anatuonea huruma ila hajui tutafanya nini. Nimeikata shida ikawa nusu ukurasa, nikabakiza visima vingapi vimekufa na kwa nini vinakufa (vipuri hakuna, fundi hakuna), kisha ukurasa mzima ni kazi yenyewe, kila sababu na jibu lake.

Kinachonisumbua ni bajeti. Jedwali nimelitoa, nimeandika kiwango cha chini visima 8, cha juu 12, mafunzo ya mafundi yamo kote kote. Je, cha juu kikizidi cha chini kwa karibu nusu, si ataona tunabahatisha? Au nikibane?