Chuo kimemwandikia binti ada ya wageni

Mama Nuru, Reading
Assalaam aleikum ndugu zangu. Barua ya chuo imefika leo. Nuru amepata nafasi ya uhasibu Septemba hii ya 2025, lakini wamemwandikia ada ya wageni, pauni 19,500, badala ya 9,535. ILR, kibali cha kuishi Uingereza bila kikomo, anayo tangu siku aliyotua. Prospektasi inaahidi basari kwa wenye kipato kidogo, nasi ndio hao. Tena wanadai transkripti: ni matokeo ya NECTA au ya koleji ya hapa? Bibi yake Tanga kusikia tuisheni ni elfu kumi na tisa, kauliza ni masomo ya jioni gani hayo.

Baba Salim, Leicester
Kata rufaa, mama. Tangu kesi ya yule binti wa Zambia, Mahakama ya Juu 2015, watoto wetu wote wanapata mkopo.

Dada wa Coventry
Baba Salim, sivyo, usimpoteze mwenzio. Kesi ile iliwafaa waliokulia hapa bila ILR, na aliye chini ya miaka 18 anatakiwa awe amekaa miaka saba. Mama Nuru, binti aliingia lini hasa? Kozi ya Septemba huhesabiwa tarehe 1 Septemba, hata kama darasa linaanza mwisho wa mwezi. Siku hiyo awe ametimiza miaka mitatu ya kuishi hapa.

Mama Nuru
Nimefungua pasipoti. Muhuri ni 20 Septemba 2022. Tiketi ilikuwa ya Agosti, akabaki kwa arobaini ya babu yake.

Baba Salim
Basi ni safari ya muda! Safari ya muda haikatwi.

Dada wa Coventry
Hiyo ni ya mtu aliyekwisha kuishi hapa akatoka. Nuru alikuwa bado hajahamia. Amepungukiwa siku 19. Aulize kozi ya Januari, maana hiyo huhesabiwa 1 Januari, au aahirishe mwaka. Asianze Septemba akitumaini mwakani ada itashuka; miaka mitatu hupimwa mwanzo wa kozi. Na basari, vyuo vingi husoma kipato chenu kutoka SFE, wale wa mikopo ya wanafunzi. Mkikataa SFE isiwape chuo taarifa zenu, hawakioni kipato hicho.

Mjomba wa Luton
Transkripti yangu niliifuata Dar mwenyewe, likizo nzima foleni. Ofisi za kwetu hazijabadilika. Ila jioni nilikula mishkaki Upanga, moyo ukatulia.

Mama Nuru
Nimepiga simu chuoni. Uhasibu hauna Januari. Nuru kalia, halafu kasema bora asubiri, hata angejua asingeikosa arobaini ya babu. Kesho tunaomba kuahirisha, kwa maandishi. Na transkripti, jamani, ni ipi?

Baba Salim
Mjomba, Upanga sehemu gani?